Kichwa cha tangazo kilichofanya Samsung A14 ionekane Mwanza

Mdogo wangu wa Nyegezi alitangaza simu yake mtandaoni kwa kichwa hiki: "SIMU KALI BEI POA!!!" Hakuna aliyeuliza. Tatizo ni kwamba mnunuzi hatafuti "simu kali". Anaandika jina la toleo analolitaka.

Tulifungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, tukasoma jina kamili. Usikisie hapa: A14 ipo ya 4G na ya 5G, na ni simu mbili tofauti. Tukaandika:

```
Samsung Galaxy A14 4G 128GB RAM 4GB, used, Mwanza
```

Jina limetangulia kwa sababu kwenye kioo kidogo kichwa hukatwa mwishoni. "A14" tumeiunganisha, maana "A 14" inaweza kupitwa na utafutaji. "Used" tumeiacha kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo wateja wetu wanavyoandika. Mchubuko wa pembeni na hali ya betri tukavipeleka kwenye maelezo. Pale ndipo mahali pake, ila visifichwe.

Kisha kwa simu ya jirani tukatafuta "A14 128GB Mwanza". Tangazo likatokea. Jioni mteja wa Buzuruga akauliza kama chaji ipo.