Cheni mpya, friwili ya zamani

Juzi mtoto wa dada kanitumia voisi asubuhi asubuhi, shikamoo mjomba, ile cheni ya baiskeli niliyonunua inaruka kuliko hata ya zamani, nikikanyaga kwa nguvu inapiga ka! mguu unashuka bure goti linagonga hendeli, hivi nimeuziwa feki au? Nikacheka peke yangu jikoni. Hiyo feki naijua. Nimeshawahi kutaka kwenda kumrudishia mtu dukani, na ningeenda kama si Babu.

Babu si babu yangu, ni fundi tu alikuwa anakaa chini ya mwarobaini kule Nkuhungu, Dodoma, Mgogo wa mazungumzo machache, ukimwambia mbukwa anaitikia bila kuinua kichwa. Mi enzi hizo nilikuwa napeleka maji, dumu tatu kwenye keria na wakati mwingine nne, na kila dumu ni lita 20 kwa hiyo hesabu mwenyewe uzito nyuma. Baiskeli ni hizi za kichina za chuma, gia moja, kule nyuma friwili, lile duara la meno linalovutwa na cheni, ya meno 18. Cheni ilikuwa inatoka. Sio kuruka, kutoka, yaani unapita kwenye shimo unasikia imelegea ishavuka meno, unashuka unachafuka mikono unairudisha. Gurudumu la nyuma nilishalivuta mpaka ekseli imefika mwisho wa tundu lake, hakuna tena pa kuvuta, na cheni bado inaning'inia. Nikanunua mpya, nikafungiwa pale pale dukani, nikaenda kujaza maji.

Bila mzigo ilikuwa tamu kweli, kimya kabisa. Nikapakia dumu, nikasukuma kidogo nikarukia, kukanyaga la kwanza tu, ka! La pili, ka! Nikashuka nikaigeuza juu chini nikazungusha pedeli kwa mkono, inazunguka vizuri haina shida yoyote. Naipakia, ka! Hapo ndo nikaamua nimepigwa.

Babu hakusema kitu kuhusu duka. Akauliza, "Ukizungusha kwa mkono inaruka?" Nikasema hairuki. "Basi kwa mkono haitakuonyesha kitu mjukuu wangu. Lete na dumu zako." Akachukua kipande cha chaki, sijui alikitoa shule gani, akafuta mafuta kwa tambara juu ya friwili, akaweka alama tatu. Ya kwanza kwenye pini moja ya cheni pale juu kabisa, ya pili kwenye jino lililokuwa chini ya hiyo pini, na ya tatu ni mstari mfupi aliouvuta usoni mwa friwili, kutoka kwenye ile sehemu ya nje yenye meno mpaka ile ya ndani inayoshikana na habu, kitovu cha gurudumu. Kisha akasukuma baiskeli mpaka tairi la mbele likagusa shina la mwarobaini, akaniambia kaa kwenye siti, dumu zibaki kwenye keria, pedeli ya kulia iweke mbele usawa, haya kanyaga taratibu uongeze uzito, usirukie.

Nikaongeza. Baiskeli inasukuma mti, mti hauendi, cheni ya juu imekaza kama imesimamishwa, nikainuka kidogo kwenye siti na mguu ukashuka. Ka!

"Usiguse kitu."

Tukainama wote wawili. Alama ya kwenye pini ilikuwa imesogea mbele jino zima, iko peke yake, na jino lenye chaki limebaki pale pale. Ule mstari wa tatu haujakatika hata kidogo. Babu akaweka kidole juu yake, akasema friwili ndani ni nzima. Akanieleza kwamba mle ndani kuna vijichuma vyenye springi, ukikanyaga vinang'ata na ukiacha vinaachia, ndo vile vinavyolia tiki tiki tiki ukiwa unateremka. Vikichoka mguu nao unashuka bure hivo hivo na goti linagonga hivo hivo, ila hapo cheni na jino vinatembea pamoja, chaki zao haziachani, kinachokatika ni ule mstari. Kwa hiyo kabla hujalaumu cheni jua kwanza ni nini kimeteleza juu ya nini. Mi nilikuwa sijui hata kama kuna maswali mawili.

Kisha akaitoa cheni mpya, akaniambia leta na ile ya zamani, bahati nzuri nilikuwa nayo kwenye mfuko wa rambo maana sikuwa natupa chuma. Akagonga msumari kwenye mti akazitundika zote mbili bega kwa bega, zikaning'inia. Tukahesabu pini, zote 112. Kule chini ya zamani ilikuwa imeipita mpya kwa sentimita mbili hivi. Cheni mbili zenye pini sawasawa, moja ndefu! Nikasema imevutika. Akasema hakuna chuma kilichovutika hapo, vile vibati vya pembeni viko vile vile, kinacholika ni pini na tundu inamozungukia. Vumbi letu hili linaingia na ile oili chafu ya gari tunayopaka, ikiganda inakuwa inasaga, kila pini inapoteza kaunywele kake na pini ziko 112 zinachangishana.

Msumari ulitosha kabisa kunionyesha mimi, lakini yeye alikuwa na kipimo chake, futi ya fundi seremala ya kuvuta. Hakuanzia mwanzo wa futi kwa sababu ile ndoano ya mbele huwa inacheza, alianzia kwenye inchi namba 1. Kutoka katikati ya pini moja mpaka katikati ya inayofuata ni nusu inchi, hiyo ndo cheni ya baiskeli ilivyo, kwa hiyo nafasi 24 zinatakiwa ziishie kwenye inchi namba 13 bila kuongeza wala kupunguza. Ile mpya ikakaa juu ya 13 pale pale, kwa hiyo hapo feki hakuna. Ya zamani ikapita, karibu nusu sentimita. Akasema ikipita milimita moja na nusu anza kutafuta hela, ikifika tatu usihangaike na cheni peke yake kwa sababu friwili nayo itakuwa ishaliwa.

Na kweli. Alilisugua jino moja kwa mafuta ya taa mpaka likang'aa, akanisogeza kichwa karibu. Upande mmoja limesimama vizuri, ule upande ambao cheni inausukuma limechimbwa ndani, limelika upande kama kisigino cha kandambili. Ncha imekuwa kali na imejikunja kidogo, na lile bonde kati ya jino na jino limekuwa refu, halina tena umbo la duara. Akalaza cheni ya zamani juu yake, ikakaa kwenye mashimo yake kama imezaliwa pale. Akalaza mpya, pini ya kwanza ikashika, ya pili ikashika kidogo, ya tatu iko hewani kidogo nyuma ya jino. Yaani mzigo wote wa dumu zangu unabebwa na jino moja au mawili, na hayo yenyewe yameinama, kwa hiyo ukikanyaga pini inapanda ule mteremko mpaka juu inavuka. Zikiwa zimezeeka pamoja haziruki, zinasameheana. Ukimuoza kijana pale ndo kelele zinaanza.

Hapo mtoto wa dada nimeshamjibu, nimemwambia nipigie picha ya meno ya friwili kwa karibu, na kama ya zamani hujaitupa itundike. Kajibu kaitupa. Haya.

Sasa mi pesa ya friwili sikuwa nayo siku hiyo, na maji hayasubiri. Babu akafanya kitu ambacho nilidhani anatania, akairudisha cheni ya zamani. Ila kwanza akaipunguza, akatoa kipande cha inchi moja, maana cheni hairuhusu utoe nusu inchi, kuna kipande chembamba na kipana vinapishana, ukitoa kimoja hutapata cha kuungia, lazima vitoke viwili pamoja. Ile inchi moja ilizidi kidogo tu ule urefu ambao cheni ilikuwa imeongezeka. Akaifunga, gurudumu likarudi mbele kidogo kwenye tundu lake, akaiacha icheze juu chini sentimita moja na kitu pale katikati, akasema usikaze zaidi ya hapo utaua beringi. Nikapakia, nikakanyaga, kimya. Chuma kilichokwisha juu ya chuma kilichokwisha, kinabeba maji na hakiruki! Cheni mpya nikaenda kuitundika nyumbani imefungwa kwenye karatasi ya saruji.

Nilipopata friwili ilikuwa miezi imepita. Kuitoa ile ya zamani ilikuwa vita yake, maana kila siku unavyokanyaga unazidi kuikaza, alipiga patasi na nyundo kinyume cha saa mpaka akavua shati, akapaka grisi kwenye nyuzi za habu kabla ya kufunga mpya ili wa baadaye asiteseke. Dada yangu aliyekuja kunisubiri akauliza kwa nini tusingebadilisha cheni mapema tu, ile ya milimita moja na nusu, friwili isingeliwa. Na mafundi wa baiskeli za gia nyingi nimewasikia wanasema hivo hivo, badili cheni mapema uokoe meno ya nyuma, maana kwao seti ya nyuma ndo ghali. Babu yeye alisema kwa gia moja na vumbi hili utanunua cheni mpaka uchoke, ziache zife pamoja uzizike pamoja. Wote naona wanasema kweli, inategemea kipi kina bei.

Kilichonibakia ni sproketi ya mbele, ile ya kwenye pedeli. Ina meno mengi zaidi, kila jino linapata zamu chache, ndo maana linachelewa kulika. Babu aliivuta cheni mpya kwa vidole pale mbele kabisa, ikanyanyuka kidogo tu, jino halikuonekana hata nusu, akasema hii iache. Dada akasema itaila cheni mpya. Wakabishana mpaka jua linazama, na mi baiskeli niliiuza kabla hakijaeleweka, aliyenunua hajawahi kunitafuta.