Nilivyobandua hitisinki iliyogandia prosesa bila kung'oa pini

Mama mwenye steshenari jirani na geti la chuo, kule Ng'ong'ona, aliniletea kompyuta mbili za mezani zinazofanana, zote za Ryzen 3 3200G na kile kifeni kifupi kinachokuja nayo ndani ya boksi. Moja ilikuwa inazima katikati ya kuprinti riserchi za wanafunzi. Nyingine ilikuwa imefunguliwa tayari na fundi mwingine, na hitisinki yake ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa rambo, prosesa ikining'inia chini yake.

"Fundi, hiyo ilitoka yenyewe," akasema. "Sasa hii nayo isije ikatoka hivyo."

Haikutoka yenyewe, ilivutwa. Prosesa za soketi ya AM4 zina pini 1,331 zilizoota kwenye prosesa yenyewe, na soketi inazibana kwa kamkono kadogo ka chuma kaliko pembeni. Juu ya prosesa hakuna fremu yoyote ya kuishikilia. Kwa Intel za miaka mingi sasa, na kwa AMD za AM5 zilizotoka 2022, kuna fremu ya chuma inayoikandamiza prosesa, kwa hiyo hata pesti ya kupitisha joto iliyo kati yake na hitisinki ikigandia vipi, prosesa inabaki mahali pake. Kwa AM4 kinachoishikilia ni mbano wa pini tu, na ukivuta hitisinki juu kwa nguvu, mbano huo unashindwa kabla pesti haijashindwa.

Pesti inashinda kwa sababu mafuta yake yakishakauka inabaki utando mwembamba usio na upenyo wa hewa. Prosesa ina upana wa sentimita 4 kwa 4. Ukiinyanyua hitisinki wima, hewa haipati pa kuingilia, na hewa ya nje inaikandamiza kwa kiasi cha kilo moja kila sentimita mraba. Piga hesabu mwenyewe utaona unapambana na kilo zaidi ya kumi, mbali na ugumu wa pesti. Lakini ukiisukuma upande, unaukata utando huo polepole na hewa inaingia kutoka pembeni. Ndiyo maana kazi yote ni kuzungusha, si kuvuta.

Nilianza na ile mashine nzima. Vumbi la Dodoma linajulikana, kwa hiyo nilipuliza kwanza mapezi ya hitisinki, kisha nikaiwasha na kufungua HWiNFO. Mstari wa `CPU (Tctl/Tdie)` ulipanda haraka hadi nyuzi 90 na kitu, lakini nilipogusa mapezi kwa kidole yalikuwa ya uvuguvugu tu. Hapo nikajua tatizo ni pesti. Kama ingekuwa vumbi au kifeni kuchoka, mapezi nayo yangekuwa yanaunguza, maana joto lingekuwa limefika huko likakosa pa kwenda.

Pesti iliyokauka hulainika ikipata joto, na joto zuri kuliko yote ni la prosesa yenyewe. Kwa mashine inayowaka mimi huichosha prosesa kwa jaribio la kasi lililomo ndani ya 7-Zip, kwa kuwa ni ndogo na haihitaji intaneti. Unafungua dirisha la amri ndani ya folda yake na kuandika:

```
7z b 20
```

Hiyo 20 ni idadi ya mizunguko, na ukitaka muda zaidi ongeza. Niliiacha ifanye kazi kama dakika kumi, nikihakikisha kitako cha hitisinki nacho kimepata moto, si mapezi ya juu tu. Watu wengine huchomoa kifeni ili joto lipande haraka. Sioni haja, hasa kwa mashine ambayo tayari inazima kwa joto. Kisha nikazima, nikachomoa waya wa umeme na waya wa kifeni, nikailaza kesi ubavu mazabodi itazame juu. Kuanzia hapo usikae kupiga stori. Julai asubuhi huku kwetu baridi ni ya kweli, na alumini inapoa mara moja.

Skrubu nne nilizilegeza kwa mkato, moja huku na ya pili kona ya mbali, kidogo kidogo. Kwa aina hii ya kifeni skrubu zinashikana na bamba lililo nyuma ya mazabodi, na zikitoka zote bamba linaweza kudondoka, kwa hiyo weka vidole kwa nyuma. Angalia pia ncha za skrubu zimenyanyuka na kutoka kwenye matundu ya mazabodi. Zikibaki ndani hata kidogo, utazungusha na kugonga ukuta, na utadhani ni pesti.

Nikaishika hitisinki kwa mikono miwili, chini karibu na kitako, si kwenye plastiki ya kifeni. Nikaikandamiza kidogo kuelekea chini, halafu nikaisokota kulia, kushoto, mwendo wa nyuzi chache tu. Haikusogea. Hapa ndipo wengi huongeza nguvu ya kuvuta. Mimi nilichukua spiriti ya aisopropili kwenye bomba la sindano, nikaweka matone machache kwenye mstari ambapo prosesa inakutana na hitisinki, upande wa kushoto na kulia. Nikapitisha uzi wa kusafishia meno kwenye kona moja na kuusugua mbele na nyuma hadi ukaingia milimita chache. Bisibisi bapa usiipeleke hapo kamwe: ikiteleza inakata njia za shaba kwenye mazabodi.

Niliposokota tena, ilitoa mlio mdogo, tk, na ghafla ukinzani ukabadilika. Badala ya kugoma ikaanza kuteleza kama sabuni iliyolowa kwenye sahani. Hata hapo sikunyanyua. Niliendelea kusokota hadi ikazunguka kwa uhuru, kisha nikaitelezesha kuelekea pembeni na kuinua upande mmoja kwanza. Prosesa ilibaki kwenye soketi, imevaa ganda la kijivu lililopasuka pasuka.

Ile ya kwenye rambo ilikuwa rahisi kuibandua lakini si rahisi kuiponya. Niliipindua, nikaipasha hitisinki kwa draya ya saluni, nikaishika prosesa kwa kingo zake mbili bila kugusa pini na kuisokota ikaachia. Kwa mwanga wa tochi ya simu uliopigwa kwa ubavu, mistari ya pini ilionyesha kona moja imelala. Nilizinyoosha kwa ncha tupu ya penseli ya risasi ya 0.5, ambayo inaivaa pini moja moja, nikirudisha kila moja kidogo na kuilinganisha na mstari wake. Pini iliyopinda mara moja hurudi. Iliyokunjwa na kunyooshwa mara kadhaa hukatika, na hapo inategemea ni pini ya kazi gani.

Kuirudisha, kamkono ka soketi lazima kainuliwe wima kwanza, hata kama prosesa ilitoka kakiwa kamefungwa. Pembetatu ya dhahabu unailinganisha na alama ya kwenye soketi, na prosesa inashuka kwa uzito wake bila kusukumwa. Ikigoma kukaa bapa, kuna pini bado imepinda. Itoe uangalie upya.

Zote mbili zilisafishwa kwa spiriti na kuwekewa pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati. Ile iliyokuwa inazima ilifanyiwa jaribio lilelile la `7z` na haikufika nyuzi 75. Ile ya pini iliwaka, lakini ilisoma ramu moja kati ya mbili hadi nilipoitoa tena na kukuta pini moja ya ukingoni bado imeegemea jirani yake.