Siku moja maishani mwangu: kaunta buku, matone na bibi mwenye haraka

Saa 1:30 asubuhi, wodi ya watoto. Ripoti, kuhesabu dawa, kupima joto kitanda kwa kitanda. Kabla sijanywa chai mkuu wa wodi ananiletea wauguzi wapya wawili. "Wewe si una lile daftari lako? Wafundishe."

Daftari lenyewe ni kaunta buku lililochakaa. Jambo la wodini likinitatiza nalifuatilia, kisha naliandika humo. Wenzangu walikuwa wakinicheka.

Saa 4:00 tunaye mtoto wa kilo 15 aliyetapika usiku kucha. Daktari ameandika mililita 250 kwa saa 5, yaani 50 kwa saa. Kijana anaanza kuweka matone 50 kwa dakika. Namwambia asome kwanza pakiti ya mpira wa dripu. Ile ya watoto, yenye matone 60 kwa mililita, ndiyo inayokubali hesabu hiyo ya mkato. Leo imeisha stoo. Huu ni wa matone 20. Kwa hiyo 50 mara 20 ni matone 1,000 kwa saa. Gawa kwa 60, unapata kama 17 kwa dakika. Angeweka 50, mtoto angepata mililita 150 kwa saa, mara tatu ya alichoandikiwa.

Chupa ni ya 500, kwa hiyo tunabandika plasta ubavuni na kuchora mstari kila mililita 50, saa kando yake. Mstari wa saa 9:00 ndio mwisho.

Hapo ndipo alipoingia bibi yake mtoto. Saa 4:40 hivi napita, maji yameshavuka mstari wa saa 6:00, na matone yanakimbia hata hayahesabiki.

"Shikamoo bibi. Nani kagusa hapa?"

"Marahaba mwanangu. Nimefungulia kidogo, iishe twende nyumbani. Gari letu ni la saa 8."

Nikafunga. Nikawaita vijana: hesabuni pumzi dakika nzima, tazameni kope kama zimevimba, sikilizeni kifua kama kina mikwaruzo. Hakuna. Daktari akaja, akapanga upya maji yaliyobaki. Bibi naye hakunyamaza: tunamchelewesha makusudi, wa kitanda cha pili mbona yake inakwenda mbio? Nikamweleza kwamba maji yakizidi huweza kuingia mapafuni, mtoto akashindwa kupumua. Akaguna. Nikageuka kidogo tu, mkono wake uko tena kwenye kigurudumu. Nikakipandisha juu asikifikie.

Mchana sikumbuki vizuri. Sindano, kitanda kipya, mafaili. Chai niliinywa baridi. Jioni mmoja wa vijana aliomba kunakili ukurasa wa dripu, na chini yake akaongeza mwenyewe: "Mweleze ndugu kabla hujaondoka kitandani." Sikuwa nimeliandika hilo.

Mkuu wa wodi kasema kesho niendelee nao. Vitanda vyangu havijapunguzwa hata kimoja.