Zeta yangu ya 420 na asidi iliyokuwa baridi

Nilipoanza kujifunza kupima umri wa madini kwa michirizi ya mpasuko, nilidhani kazi ngumu itakuwa hesabu. Hesabu ni mstari mmoja. Kilichonila miezi ni sekunde 20 za asidi.

Jiwe nililopewa kuanza nalo ni apatiti ya Durango, Meksiko: fuwele za manjano hafifu ambazo umri wake, miaka milioni 31.4, umekwisha kuthibitishwa kwa njia nyingine. Kila anayeingia kwenye fani hii huanza na jiwe la namna hiyo, kwa sababu kabla ya kupima umri usiojulikana lazima apime macho yake mwenyewe.

Ndani ya apatiti mna urani kidogo sana. Kiini cha urani-238 kwa kawaida huoza taratibu kwa kutoa chembe ya alfa, lakini mara moja katika kama milioni mbili za kuoza huko hupasuka vipande viwili. Vipande hivyo hukimbia pande mbili tofauti kwa nguvu na kuacha mchirizi wa atomu zilizovurugika, wenye urefu wa kama mikroni 16. Mchirizi wenyewe ni mwembamba mno, hadubini ya kawaida haiuoni. Ukikichovya kipande kilichong'arishwa kwenye asidi, asidi inakula haraka zaidi pale palipovurugika, na mchirizi unafunguka kuwa kishimo kirefu chembamba. Kwa hiyo unachohesabu ni kazi ya asidi. Hilo nilikuwa nalijua kwa kusoma tu.

Nilipanga vipande kwenye epoksi, nikasaga, nikang'arisha mpaka mikwaruzo ikaisha, nikavichovya kwenye asidi ya nitriki ya molari 5.5 kwa sekunde 20. Kisha nikavifunika kwa karatasi nyembamba ya ulanga, nikavifunga kwa nguvu, vikapelekwa kwenye kinu cha nyuklia. Kule nyutroni hupasua urani-235, na vipande vinavyoruka nje ya apatiti huchora michirizi mipya kwenye ulanga. Michirizi ya zamani kwenye apatiti inaonyesha mipasuko ya miaka yote. Ile ya ulanga inaonyesha kuna urani kiasi gani. Uwiano wa msongamano wa hiyo miwili ndio unaobeba umri.

Vifurushi viliporudi, ikabidi kusubiri mionzi ipungue, kisha ulanga nao ukachovywa kwenye asidi ya hidrofloriki. (Hiyo asidi sikuwahi kuizoea. Glavu mbili, na bado moyo unadunda.)

Halafu nikakaa kwenye hadubini, ukuzaji mara 1,000. Ndani ya jicho la hadubini kuna wavu wa miraba 100. Unahesabu vishimo ambavyo mdomo wake uko ndani ya wavu, kisha unahamia kwenye ulanga, mahali palepale kama kwenye kioo, unahesabu tena eneo lilelile. Kwa kuwa eneo ni moja, uwiano wa msongamano ni uwiano wa idadi tu. Baada ya wiki mbili nilikuwa na vishimo 500 kwenye apatiti na 4,000 kwenye ulanga. Uwiano 0.125.

Fomyula ni hii:

```
t = (1/λ) · ln(1 + λ · ζ · g · ρd · ρs/ρi)
```

Herufi t ni umri, na ρs/ρi ni ule uwiano wa apatiti kwa ulanga. Herufi λ ni kasi ya kuoza kwa urani-238, 1.55125 × 10⁻¹⁰ kwa mwaka. Thamani ya g ni 0.5, kwa sababu uso wa ndani wa apatiti ulipokea michirizi kutoka juu na chini, ilhali ulanga umepokea upande mmoja tu. Alama ρd ni msongamano uliopimwa kutoka kwenye kioo chenye urani inayojulikana, kinachosafiri pamoja na sampuli ili kupima dozi ya nyutroni; yangu ilikuwa 1,200,000 kwa sentimita ya mraba. Inabaki ζ, zeta, ambayo ni ya mtu binafsi. Humo mnaingia kioo chako, namna yako ya kuchovya, na vile unavyoamua kwamba hiki ni kishimo na kile ni mkwaruzo. Kwa jiwe la umri unaojulikana unageuza fomyula na kuitafuta zeta. Mimi nilipata 420, kosa kama 21.

Nikamwonyesha dada mmoja Mkenya aliyekuwa mbele yangu kimasomo. Wenzetu wote pale, kwa kioo kilekile, walikuwa kati ya 330 na 360.

"Ndugu yangu, hii siyo tofauti ya macho," akasema. "Asidi ilikuwa nyuzi ngapi?"

Ilitakiwa iwe nyuzi 21. Sikuwa nimepima. Chupa ilikaa chumba chenye kiyoyozi, nami nilimimina nikachovya. Akanikalisha kwenye hadubini, tukapima urefu wa midomo ya vishimo. Kwenye Durango iliyochovywa sawasawa mdomo huwa kama mikroni 1.8, yangu ilicheza kwenye 1.3. Vingine vilikuwa kama nyuzi nyembamba tu, na ukigusa kifundo cha hadubini kidogo vinapotea. Vishimo hivyo ndivyo nilivyokuwa naviruka bila kujua.

Nikauliza kama naweza kurudisha kipande kwenye asidi kwa sekunde chache zaidi. Akacheka. Kipande kimeshapita kwenye kinu; ndani ya apatiti yenyewe sasa kuna michirizi mipya pia. Ukikichovya tena, ya zamani na mipya inafunguka pamoja, na hakuna jicho linaloweza kuzitenganisha. Ilibidi kuanza upya, epoksi hadi kinu.

Akanikumbusha mkasa wa kwao, tufi ya KBS, tabaka la majivu ya volkano kule Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Mwaka 1976 zikoni zake, madini mengine yenye urani, zilipewa umri wa miaka milioni 2.44 kwa njia hii hii. Mwaka 1980 Andrew Gleadow, mmoja wa waliotoa tarakimu ile ya kwanza, akapata milioni 1.87. Zikoni changa ina michirizi michache, na alkali iliyoyeyushwa, inayotumika kwake badala ya asidi, huifungua kwa uvivu, mmoja vizuri na mwingine nusunusu. Ukichagua vibaya cha kuhesabu, mabaki ya binadamu wa kale yanahama zaidi ya nusu milioni ya miaka.

Mara ya pili niliweka bika la asidi ndani ya maji ya nyuzi 21, kipimajoto ndani, saa mkononi, na beseni la maji pembeni la kusimamisha asidi. Miezi ikapita. Nilihesabu 603 na 4,020, uwiano 0.15, na ρd safari hii 1,250,000. Zeta ikawa 336, kosa 15.

Ndipo nikaruhusiwa kugusa apatiti ya jiwe la naisi nililokuja nalo kutoka nyumbani. Chembe ya kwanza ilikuwa na vishimo 84, na ulanga wake 112. Kwa zeta ya 336 umri wake ni miaka milioni 156. Kwa ile ya 420 ningeandika milioni 194. Na hiyo 156 si siku jiwe lilipozaliwa. Kwenye joto linalozidi kama nyuzi 110 apatiti hujiponya na michirizi hufutika, kwa hiyo saa hii ilianza kuhesabu jiwe lilipopoa likielekea juu. Zilibaki chembe 19 za kuhesabu.