Net Pay isipokubaliana na makato: tazama kwanza picha yenyewe

Mpwa wangu anahudumia wazee huku Uingereza. Juzi alinitumia picha ya slipu yake ya mshahara aliyoipiga kwenye simu, akasema ameibiwa. Saa 160 kwa £13.50 zinampa `Gross Pay` ya £2,160.00, na hapo hakuna tatizo. Makato aliyoyajumlisha yeye ni haya:

```
PAYE Tax            222.20
National Insurance   88.96
Pension EE           65.60
Pension ER           49.20
```

Jumla yake ni £425.96, kwa hiyo alitarajia kubaki na £1,734.04. Slipu inasema `Net Pay` ni £1,758.24. Hesabu yake haifiki popote kwa sababu `Pension ER` si pesa yake. Herufi ER ni za mwajiri: huo ni mchango wa kampuni kwenye pensheni, umeandikwa ili auone tu. Cha mfanyakazi ni EE. Wageni wengi hunaswa hapo, au huchanganya safu ya mwezi na ile ya `YTD`, ambayo ni jumla tangu mwaka wa kodi uanze mwezi Aprili.

Tukiitoa ER, makato yanakuwa £376.76 na anapaswa kupokea £1,783.24. Sasa zimepungua £25.00 kamili, na ukamilifu huo ndio ulionishtua. Kodi na bima ni asilimia, mara nyingi huacha peni za ajabuajabu. Pengo lisilo na peni kwa kawaida ni kiasi alichokipanga mtu: sare, mkopo, au mshahara wa mapema. Tena programu za mishahara hazikosei kujumlisha, kwa hiyo nilishuku picha imekatwa. Nikamwambia aifungue tena aisogeze hadi chini kabisa. Mstari ulikuwepo: `Uniform 25.00`.

Jumla kukubali hakuthibitishi kwamba kila kato ni halali. Kodi yake niliipima hivi: msimbo wake ni `1257L`, yaani takriban £1,048 za mwezi hazikatwi kodi, na asilimia 20 ya zinazobaki ni kama £222. Iko sawa. Angepewa `BR`, angekatwa asilimia 20 ya mshahara wote, £432, na bado jumla na `Net Pay` vingekubaliana vizuri.

Sare ndiyo yenye swali. Sheria ya ajira ya 1996 haimruhusu mwajiri kukata kitu kama hicho ila mkataba uwe unasema hivyo, au mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kabla. Mpwa wangu hakumbuki kusaini chochote. Nimemwambia asipige simu. Awaandikie barua pepe watu wa mishahara, aambatanishe slipu nzima, aulize £25 hizo zimetoka kifungu gani cha mkataba na kama zitakatwa tena mwezi ujao.