Nyota kumi na moja, walifika kumi

Wapendwa, wiki hii dada mmoja alinieleza ndoto yake. Ameona mwezi mpevu umeshuka hadi usawa wa dirisha, chumba kizima kikawa cheupe. Akaniuliza, "Sasa ni mume huyo, au ni kazi?" Nilicheka, kisha nikarudi nyumbani kumsoma Yusufu kwa penseli mkononi. Nilikuwa nahesabu.

Yusufu ana miaka 17 anapoota jua, mwezi na nyota kumi na moja vikimwinamia. Baba yake, Yakubu, hahitaji mwaguzi. Anamkemea papo hapo: yaani mimi, mama yako na ndugu zako tuje kukuinamia? Lakini mama huyo ni nani? Raheli alikwisha kufa njiani akimzaa Benyamini, na habari zake zipo sura mbili nyuma, Mwanzo 35. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, ndoto hii ina mwezi usio na mtu.

Walimu wa Kiyahudi hawakulifumbia macho jambo hilo. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, wanasema kwamba kama ngano isivyokosa makapi, ndivyo ndoto isivyokosa maneno ya bure. Hata ndoto ya kweli hutimia sehemu tu, na mfano wanaoutoa ni mwezi huuhuu wa Yusufu. Wengine walisema mwezi ni Bilha, mjakazi wa Raheli, aliyemlea kijana baada ya mama kufariki. Mimi naona makapi yanatosha. Nani kati yetu ameota kitu kisicho na kipande kisichoeleweka?

Sasa tuhesabu miaka. Anasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Hapo 13 imekwisha: shimo, utumwa, gereza. Inafuata 7 ya shibe, kisha 2 ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake. Jumla 22. Walimu walewale walipiga hesabu hii wakasema ndoto njema mtu aingoje hata miaka 22. Hawakusema itatimia. Walisema aingoje.

Na ndugu wanapokuja kununua nafaka, wanainama hadi uso unagusa ardhi, naye Yusufu, asema Mwanzo 42, anazikumbuka ndoto zake. Hebu wahesabu waliopiga magoti: kumi. Benyamini kabakizwa nyumbani kwa baba. Nyota moja haipo! Nadhani hapa ndipo mtu mwenye haraka angetangaza kwamba ndoto imetimia. Kumi na moja wanatimia safari ya pili tu, sura ya 43, baada ya Simeoni, aliyezuiwa Misri safari ya kwanza, kutolewa kifungoni. Huko gerezani Yusufu aliwafasiria wengine ndoto zao, lakini ya kwake Mwanzo haionyeshi akiifasiri hata mara moja.

Ndugu zetu Waislamu wanayo ndoto hii hii mwanzoni mwa Sura Yusuf, ila Yakubu wao anaipokea kwa namna nyingine. Hakemei, anamwonya mwanawe asiwasimulie ndugu zake, wasije wakamfanyia vitimbi. Ndiyo maana kwao adabu ya ndoto njema ni kumsimulia umpendaye tu. Na wanacho kisa kingine cha mwezi, kilichomo katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik. Bi Aisha, mke wa Mtume Muhammad, aliota miezi mitatu ikianguka chumbani mwake. Akamweleza baba yake, Abu Bakr, na kisa hakitaji jibu lake la siku hiyo. Mtume alipofariki mwaka 632 na kuzikwa chumbani humo, ndipo Abu Bakr akamwambia: huu ni mmoja wa miezi yako, na ndio bora wao. Mwaka 634 akazikwa humo Abu Bakr mwenyewe, na 644 Umar.

Kisa hicho nimekaa nacho siku tatu. Mwanga ulikuwa wa heri kweli, lakini ulikuja kwa sura ya makaburi, na baba aliyeujua au kuuhisi pengine aliona bora asimtie binti yake furaha ya mapema wala hofu ya mapema. Nilipomjibu dada yule nilifuata njia hiyo. Nilimwambia aandike tarehe, asiitafutie jina la mtu, na asiwasimulie watu wengi.

Imebaki jua. Yakubu anafika Misri mzee wa miaka 130, na Yusufu anapanda gari lake kwenda kumlaki Gosheni. Nilitafuta pale mstari unaosema baba aliinama. Haupo. Uliopo unasema mwana alimwangukia baba yake shingoni, akalia kwa muda mrefu.