Nilivyomtoa Nanjala nikamwingiza Rehema

Msichana wa hadithi yangu alizaliwa Chwele, Bungoma, wakati wa njaa, ndiyo maana Wabukusu wenzake wakamwita Nanjala. Akiwa na miaka kumi na tisa anatoroka, anafika Nakuru na kujiita Rehema. Kwenye rasimu ya kwanza niliumaliza mgeuko huo kwa sentensi moja: "Nanjala, ambaye sasa alijulikana kama Rehema, alipata kazi ya kuuza mitumba." Dada yangu, tunayeishi naye hapa Kisumu, alisoma hadi sura ya tano akaniuliza, "Kaka, huyu Rehema ametoka wapi? Na Nanjala ulimwacha wapi?"

Swali lake liliniuma kwa sababu sentensi ilikuwa pale pale na ameisoma. Nilikuwa nimemwarifu tu kwamba jina limebadilika, wala hakuliona likibadilika. Baada ya hapo, kwa woga, nikawa naandika Nanjala aya moja na Rehema aya inayofuata, nikidhani namkumbusha. Kumbe nilikuwa nazalisha watu wawili.

Nilianza upya na safari. Kiswahili kina njia ambayo sikuwa nimeitumia: kiambishi "a-" kinaweza kumbeba mtu kurasa nzima bila kumtaja. Kwa hiyo jina Nanjala nililitaja mara ya mwisho pale anapofunga mlango wa jikoni kwa mama yake. Kuanzia Webuye hadi Timboroa hana jina. Alihesabu noti zake. Alifunika miguu kwa leso baridi ilipozidi. Alikataa mahindi ya kuchoma.

Shida ikazuka kwa abiria mmoja mzee niliyempenda sana, aliyeketi naye wakipiga soga. Mzee naye ni "a-", na "a-" haibagui mwanamke na mwanaume, basi nikiandika "alicheka" hujui nani amecheka. Kumtofautisha kungenilazimu kulirudisha jina. Nilimtoa mzee, ingawa maneno yake yalikuwa matamu, nikamwachia kondakta peke yake, naye kila anapotenda jambo nikamwita kondakta. Pia nilipunguza urefu. Kurasa nne bila jina zilimchosha dada yangu. Ukurasa mmoja na nusu ulitosha.

Sasa Rehema aanze wapi? Nilijaribu pale anapolitamka, mwenye kibanda anapomuuliza anaitwa nani. Halikukaa vizuri, kwa kuwa kutaja jina bado si kuitikia. Nikasogeza hadi siku ya tatu:

"Rehema!" Aliendelea kukunja suruali.
"Rehema!" Alichukua nyingine kwenye furushi.
"We Rehema, si nakuita?"
Akageuka.

Aya inayofuata inaanza: "Rehema aliiacha suruali." Hapo ndipo msimulizi anapolishika jina jipya, na hakuna maelezo ya ziada. Dada yangu alipofika hapo hakuuliza kitu.

Kisha nilitafuta neno "Nanjala" kwenye kompyuta, kuanzia aya hiyo hadi mwisho, nikakagua kila mahali lilipotokea na kuuliza linatoka kinywani mwa nani. Likitoka kwa mama au ndugu kwenye simu, nililiacha, maana wao hawakubadilisha kitu. Kwenye kumbukumbu za Chwele pia nililiacha, ila kila kumbukumbu nikaianza kwenye aya yake. Likitoka kwa msimulizi katika maisha ya Nakuru, nililifuta. Mengi yalikuwa ya aina hii ya mwisho, hasa pale anapolia. Inaonekana nilipomhurumia nilimrudisha kwao bila kujua.

Mahali pamoja nililiongeza. Kitambulisho chake bado kina jina la nyumbani, na laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho. Mteja anamlipia blauzi kwa M-Pesa, anatazama simu yake na kusema, "Dada, nimekosea namba? Hapa imeandika Nanjala." Mwenye kibanda yuko hatua mbili, anasikia. Mwanzoni niliandika "Nanjala alinyamaza." Nikarekebisha: "Rehema alinyamaza." Jina la zamani liko kwenye skrini ya mtu mwingine, na msimulizi hapaswi kumsaliti pamoja na simu.

Onyesho la mwisho lilinichukua wiki mbili. Mama anamfuata Nakuru, anashuka kwenye matatu, anamwona kwa mbali mgongo tu, na anaita, "Nanjala!" Niliandika Rehema akageuka, nikafuta. Niliandika Nanjala akageuka, nikafuta pia. Nilichobakiza ni hiki:

"Nanjala!"
Akageuka mara moja.